Kuorodhesha safu za lazima zilizoachwa tupu katika kila mstari wa usajili

Swali: Hujambo mwalimu. Mimi ni karani katika chuo cha ufundi hapa Kisumu. Nina jedwali la usajili lenye wanafunzi zaidi ya mia tatu, na mkuu wa chuo anataka pembeni mwa kila mwanafunzi paandikwe kwa maneno kile ambacho hakijajazwa, mfano "Simu, Wadi". Nimejaribu IF moja moja lakini fomula imekuwa ndefu kupita kiasi, na koma zinabaki zikining'inia. Tena si kila safu ni ya lazima, na mwenye kitambulisho hahitajiki kuleta nambari ya cheti cha kuzaliwa. Nifanyeje?

Jibu: Sijambo, ndugu karani. Utakachohitaji katika Excel au Google Sheets ni fomula moja ya TEXTJOIN, lakini kabla ya kuiandika ongeza mstari mmoja juu ya vichwa vya safu. Katika mstari huo weka herufi L juu ya kila safu ambayo ni ya lazima, na uache wazi juu ya zile zisizo za lazima. Kwa njia hiyo uamuzi wa kipi ni cha lazima unakaa mahali panapoonekana na kila mtu, na siku mkuu akisema wadi si lazima tena, utafuta L moja bila kuigusa fomula.

Nitachukulia kwamba alama za L ziko mstari wa 1, vichwa viko mstari wa 2, na mwanafunzi wa kwanza yuko mstari wa 3. Safu ya A ni nambari ya usajili, B ni Jina, C ni Tarehe ya kuzaliwa, D ni Kitambulisho, E ni Cheti cha kuzaliwa, F ni Simu, G ni Wadi, H ni Mlezi, I ni Simu ya mlezi, na J ni Maoni. Weka L juu ya B, C, F, G, H na I. D na E ziache bila alama kwa sasa, kwa kuwa zina sharti lao. Kisha katika K3 andika:

```
=TEXTJOIN(", ",TRUE,IF((B$1:I$1="L")*(TRIM(B3:I3)=""),B$2:I$2,""))
```

Isome kuanzia ndani. IF inapita kwenye seli nane za mwanafunzi, na kwa kila moja inauliza mambo mawili kwa pamoja: je, juu yake kuna L, na je, yenyewe ni tupu? Alama ya kuzidisha ndiyo inayobeba neno "na" hapa, kwa maana jibu moja likiwa sifuri, zao lote huwa sifuri. Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, IF inachukua kichwa cha safu hiyo. La sivyo inaacha nafasi tupu. TEXTJOIN nayo inaviunganisha vilivyopatikana kwa koma, na lile neno TRUE linaiagiza iruke nafasi tupu, ndiyo maana hakuna koma itakayobaki imening'inia.

Chukua mwanafunzi wa mstari wa 5, aliyeandika jina, tarehe, nambari ya kitambulisho, wadi ya Kondele na simu ya mlezi, lakini akaacha simu yake mwenyewe na jina la mlezi. IF itatoa nafasi nane, sita zikiwa tupu, ya tano ikiwa "Simu" na ya saba ikiwa "Mlezi". K5 itasomeka "Simu, Mlezi". Cheti cha kuzaliwa hakikujazwa, lakini hakitajwi kwa sababu juu yake hakuna L.

Alama ya dola iliyo mbele ya 1 na ya 2 usiiache, kwani makosa yake hayapigi kelele. Ukiisahau kwenye mstari wa vichwa peke yake, utakapoivuta fomula kwenda chini, K4 itaandika nambari ya simu ya mwanafunzi wa juu yake badala ya neno "Simu", na hilo utaliona mara moja. Hatari zaidi ni kuisahau kwenye mstari wa L, kwa sababu kuanzia K4 fomula itatafuta L mahali ambapo haipo, na wanafunzi wote wataonekana wamekamilika. Ukiona mstari wa kwanza umeorodheshwa vizuri na mingine yote iko safi, usifurahi, kagua dola.

Sasa sharti la kitambulisho au cheti. TEXTJOIN hukubali sehemu zaidi ya moja, kwa hiyo unaongeza IF ya pili inayotazama D na E kwa pamoja. Nimetia humo mambo mengine mawili nitakayoyaeleza hapa chini, na hii ndiyo fomula ninayokushauri uitumie:

```
=IF(COUNTA(B3:I3)=0,"",TEXTJOIN(", ",TRUE,
IF((B$1:I$1="L")*(TRIM(SUBSTITUTE(B3:I3,CHAR(160)," "))=""),B$2:I$2,""),
IF(TRIM(SUBSTITUTE(D3&E3,CHAR(160)," "))="","Kitambulisho au cheti","")))
```

Wengine hupendelea kukokotoa umri kutoka tarehe ya kuzaliwa, wadai kitambulisho kwa aliyetimiza miaka 18 na cheti kwa aliye chini yake. Kwa chuo cha ufundi mimi sioni faida yake, kwa kuwa kijana aliyetimiza miaka 18 mwezi uliopita huenda bado anasubiri kitambulisho, na jedwali litamwandika kuwa na upungufu ilhali cheti chake kiko mbele yako. Tena tarehe ya kuzaliwa ikikosekana, hesabu ya umri nayo haina pa kusimama.

COUNTA pale mwanzoni inanyamazisha mistari ambayo haijatumika. Bila hiyo, ukiivuta fomula hadi mstari wa 500, kila mstari mtupu utaorodhesha vichwa vyote vya lazima. SUBSTITUTE na CHAR(160) ni za kuondoa nafasi ngumu, ile inayoingia unaponakili maandishi kutoka kurasa za mtandao. TRIM huondoa nafasi ya kawaida, lakini hiyo ya 160 haiigusi, na seli huonekana tupu kwa macho huku fomula ikidai imejazwa. Ukishuku seli, tuseme F7, andika `=LEN(F7)` pembeni. Ikitoa 1 badala ya 0, kuna kitu humo ndani, na `=CODE(F7)` itakuambia ni 32, yaani nafasi ya kawaida ya mtu aliyefuta kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, au ni 160.

Yako mambo ambayo fomula haiwezi kuyajua. Makarani wengi waliozoea daftari huandika alama ya kurudia, yaani `"` au `-do-`, chini ya wadi ya mwanafunzi aliyetangulia. Kwa fomula hiyo ni seli iliyojazwa, na siku jedwali litakapopangwa kwa alfabeti, alama hiyo itakuwa inarudia wadi ya mtu mwingine kabisa. Vivyo hivyo aliyeandika "Nyalenda" peke yake hatatajwa, ingawa Nyalenda A na Nyalenda B ni wadi mbili tofauti na haziko hata katika eneo bunge moja. Njia ya haraka ya kuwanasa ni kuweka kichujio kwenye safu ya G na kusoma orodha yake, kwani huonyesha kila andiko mara moja tu, na alama za kurudia, vistari na majina nusu hujitokeza hapo.

Kinyume chake ni seli zilizounganishwa. Ikiwa mtu aliunganisha seli za wadi za wanafunzi watano ili neno "Migosi" likae katikati, thamani iko kwenye seli ya juu peke yake, na wale wanne wa chini wataandikiwa "Wadi" ingawa kwa macho wamejaziwa. Tenganisha seli hizo kwanza. Kisha, katika Excel, zichague zote, bonyeza Ctrl+G, chagua Special halafu Blanks, andika alama ya `=`, bonyeza mshale wa juu, na umalizie kwa Ctrl+Enter. Kila seli tupu itachukua neno lililo juu yake. Baada ya hapo nakili safu hiyo na uibandike kama thamani, la sivyo ukipanga jedwali upya wadi zitahama. Ufanye hivyo kwa seli zilizokuwa zimeunganishwa tu, maana wadi iliyokosekana kweli haijazwi kwa kubahatisha.

Kuhusu toleo la programu, Excel ya Microsoft 365 na Excel 2021 zitaipokea fomula kama ilivyo. Kwenye Excel 2019 malizia kwa Ctrl+Shift+Enter badala ya Enter, ukishindwa utaona #VALUE!. Kwenye Google Sheets izungushie yote `=ARRAYFORMULA( )`, ukiondoa ile `=` iliyokuwa mwanzoni mwa fomula. Excel 2016 ya kununuliwa mara moja haina TEXTJOIN, nayo utarudi kwenye IF zako za moja moja, ila koma itangulie kila kichwa, kisha MID iikate ile ya mwanzo:

```
=MID(IF(TRIM(B3)="",", "&B$2,"")&IF(TRIM(C3)="",", "&C$2,""),3,300)
```

Endeleza IF kwa safu za lazima zilizobaki kabla ya kufikia 3. Namba hiyo ni 3 kwa sababu koma na nafasi yake ni herufi mbili, na andiko halisi linaanzia ya tatu.

Mkuu akiuliza ni wanafunzi wangapi wana upungufu, usitumie COUNTA kwenye safu ya K, kwa kuwa itahesabu hata seli ambazo fomula imetoa maandishi matupu. Tumia hii, inayohesabu penye angalau herufi moja:

```
=COUNTIF(K3:K400,"?*")
```

Akitaka kujua wangapi hawana simu, utashawishika kuandika `"*Simu*"`, lakini hiyo itawahesabu pia waliokosa "Simu ya mlezi", na `"*Mlezi*"` itafanya vivyo hivyo kwa kuwa COUNTIF haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Badilisha vichwa kwenye mstari wa 2 viwe "Simu ya mwanafunzi" na "Jina la mlezi", na safu ya K itajirekebisha yenyewe.