Hodi kwa asiyesikia hodi

Fundi wangu wa nguo ni kiziwi. Siku ya kwanza kwenda kwake sikujua. Nilisimama mlangoni nikapiga hodi mara tatu kama nilivyofunzwa nyumbani, nikaambulia mlio wa cherehani tu. Nikajisemea huyu fundi ana maringo. Nikaingia, nikamgusa mgongoni ili anigeukie.

Alikuwa anapitisha kola. Alishtuka, mkono ukateleza, sindano ikamwingia kidoleni. Binti yake alitoka uani na kitambaa, akamfunga baba yake kwanza, ndipo akanitazama. "Kaka, baba hasikii hodi. Na usimguse kwa nyuma."

Tangu siku hiyo ni miaka sita, na suruali zangu zote anashona yeye. Ninayoyaandika hapa nimejifunza kibandani kwake.

Kosa langu lilikuwa kumgusa kabla hajaniona. Asiyesikia hakusikii ukikaribia, kwa hiyo mkono unaotokea nyuma humjia kama mkono wa kibaka. Zunguka uingie pembeni mwa macho yake, punga mkono polepole usawa wa kifua, usubiri. Usipunge karibu na uso kama unayefukuza nzi. Akiwa ameinama kwenye kazi na huwezi kuzunguka, mguse begani au juu ya mkono, mara mbili, kwa vidole tu. Kichwani usimguse, na usimvute nguo. Kumrushia kitu, hata kipande cha chaki, ni dharau, ingawa nimewaona wateja wakifanya hivyo huku wanacheka.

Watu husema gonga meza, atasikia mtikisiko. Ni kweli, ila si kila mahali. Cherehani ikiwa inakimbia, meza nzima inatetemeka tayari, na kugonga kwako kunapotelea humo. Kupiga mguu chini kunafaa kwenye sakafu ya mbao; ya saruji haipeleki kitu. Kwa fundi wangu kinachofaa ni taa. Swichi iko karibu na mlango: unazima na kuwasha mara moja, anainua kichwa. Hiyo ndiyo hodi ya pale. Ukichezea swichi mfululizo atadhani kuna moto. Umeme ukikatika kuna kioo alichokitundika ukutani mbele ya cherehani, anamwona anayeingia bila kugeuka. Mimi siku hizi namtumia ujumbe nikiwa njiani, simu inamtetemekea mfukoni.

Akishakuona, salamu yenyewe. Hapa sisi watu wa salamu ndefu tunakosea bila kujua. Tumezoea kushika mkono na kuung'ang'ania: za nyumbani, za kazi, watoto hawajambo? Kwa anayezungumza kwa lugha ya alama (Wakenya huiita lugha ya ishara), kumshika mkono muda wote huo ni kama kumziba mdomo. Unamuuliza habari huku umeyashika majibu. Mpe mkono, mwachie, ndipo muulizane. Mimi, kwa kuwa fundi ni mkubwa kwangu, nainama kidogo kwanza, shikamoo yangu ameielewa siku zote. Nikiuliza hali nainua nyusi. Uso uliokauka humfanya asijue kama nauliza au natoa taarifa.

Simama mwanga ukupige usoni. Ukisimama mlangoni na jua nyuma yako, anachoona ni kivuli chenye masikio.

Na usitegemee kwamba atakusoma midomo. Simama mbele ya kioo useme bila sauti: baba, papa, mama. Midomo inafunga na kufunguka vilevile kwa yote matatu. Siku moja nilimwambia nguo ni ya mama, akaelewa baba, akaandika jina la mzee kwenye karatasi ya vipimo. Sasa jambo lenye jina au namba naliandika kwenye simu na kumwonyesha.

Shangazi yangu ni habari nyingine. Yeye uzee ndio umempunguzia usikivu, anavaa kifaa sikioni, na hajui alama hata moja. Kwake naanza kwa jina: "Shangazi," nasubiri anigeukie, ndipo naamkia, kwa sauti ya kawaida na bila haraka. Ukimpigia kelele kifaa kinazidisha ile kelele, maneno yanavurugika na yeye anakunja uso. Asiposikia, ubadilishe sentensi badala ya kuirudia ileile kwa nguvu. "Umekula?" likishindikana, "Chakula cha mchana tayari?" hupita.

Neno "bubu" liacheni. Fundi wangu hujitambulisha kuwa ni kiziwi, na hilo halimkeri. Kinachomkera ni mteja anayemsalimia binti yake, "Mwambie baba yako shikamoo," wakati baba mwenyewe amekaa mbele yake, mikono juu ya kitambaa, anamtazama.