Jibu: Sitiari, taswira na mizani

"Sitiari na taswira nazichanganya, na mizani kila nikihesabu hazitimii. Nisaidieni."

Habari mdogo wangu. Chukua mshororo huu, nimeutunga sasa hivi hapa Mbeya:

Ukungu hapa Uyole, ni shuka la mama yangu.

Ukungu umeitwa shuka moja kwa moja, hiyo ni sitiari. Ningesema "ni kama shuka la mama", ingekuwa tashibiha. Taswira ni picha unayoiona, weupe uliofunika kila kitu, nayo hupatikana hata pasipo sitiari: "ukungu umefunika".

Mizani, yaani idadi ya silabi katika mshororo, kagua m kwanza. "Mtu" ni m-tu, mbili. "Mbeya" ni Mbe-ya, mbili pia, si tatu. Mshororo wangu: u-ku-ngu-ha-pa-u-yo-le, nane, kipande cha pili nane vilevile.