Jibu: Betri ya sola mbovu niliyonunua mtandaoni

"Nimeagiza betri ya sola Dar, imefika Tabora kwa basi, haikai na chaji hata saa moja. Muuzaji ananiambia nisubiri tu. Nifanyeje nirudishiwe hela?"

Pole ndugu. Mimi ilinikuta hapa Ipuli, nikapoteza wiki mbili kwa kupiga simu tu. Simu haiachi ushahidi.

Leo hii piga picha tangazo lake kwenye skrini kabla hajalifuta, hasa pale alipoandika "mpya". Tunza meseji ya malipo na risiti ya mzigo ya basi. Kisha ichaji betri mpaka ijae, ichomoe, iache ipumzike saa kadhaa, upime kwa mita. Ya asidi ya volti 12 iliyo nzima husoma karibu 12.7. Yangu ilikuwa 10.6, dalili ya seli iliyokufa. Rekodi video moja bila kukata, ikionyesha namba ya betri na mita pamoja.

Halafu mwandikie hivi:

"Nilinunua betri kwako tarehe 3, sh. 240,000. Haitunzi chaji, video hii hapa. Naomba unirudishie 240,000 na nauli ya mzigo 15,000 kwa namba niliyolipia, kabla ya tarehe 17 saa kumi jioni. Betri nitaituma kwa gharama yako."

Usiandike "nisaidie bosi", atakupa punguzo la betri nyingine. Siku saba tangu umwandikie zinatosha. Akipiga simu, mkikubaliana mwandikie kwa meseji mlichokubaliana. Akikaa kimya, peleka ushahidi huohuo Tume ya Ushindani (FCC).

Na betri usiitume kabla hajakubali kwa maandishi.