Slaidi tisa za historia ya taasisi, na swali moja la mwenzangu

Rasimu yangu ya kwanza ya wasilisho la mafunzo kwa vitendo ilikuwa na slaidi 22, na tisa kati ya hizo zilihusu taasisi iliyonipokea: ilianzishwa lini, dira yake, muundo wa uongozi, vitengo vyake. Nilifanya mazoezi mbele ya mwenzangu niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja, yeye akiwa ameshika saa. Dakika ya sita ilinikuta bado niko kwenye muundo wa uongozi. Akanikatiza: "Sasa wewe ulifanya nini huko?" Nikamjibu kwamba nilifanya kazi na timu, nilijifunza kutumia vifaa vya maabara, niliboresha mawasiliano. Akacheka. "Hata mimi niliyekuwa kwenye ghala la vipuri nimeandika hivyo hivyo."

Nilikuwa nimemaliza wiki nane za mafunzo kwa vitendo katika maabara ya mtambo wa kusafisha maji. Idara ilitupa dakika kumi za kuzungumza na tano za maswali mbele ya jopo la wahadhiri watatu. Usiku ule nilifuta karibu kila kitu, nikafungua daftari la kumbukumbu za kila siku, nikaweka alama ya penseli kwenye kila siku ambayo mkono wangu mwenyewe ndio ulioshika kifaa. Siku nyingi zilikosa alama, maana nilikuwa nimesimama nikitazama. Zilizobaki zilinionyesha kazi moja iliyojirudia kuliko zote: kupima kiasi cha shabu kinachohitajika kusafisha maji ya mto siku hiyo. Nikaamua wasilisho zima litasimama juu ya kazi hiyo.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa mtu yeyote, na hilo lilinisaidia, kwa sababu mmoja wa wanajopo hakuwa mtu wa maji. Unapanga bika sita za lita moja zenye maji ghafi, unatia kila bika kiasi tofauti cha shabu, unakoroga kwa kasi kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika 20 ili chembe za tope zishikane na kuwa mabonge. Unaacha yatulie kwa nusu saa, halafu unapima ukungu wa maji ya juu. Kiasi kidogo zaidi cha shabu kinachotoa maji safi vya kutosha ndicho kinachopendekezwa kwa mtambo. Maelezo hayo yalichukua slaidi mbili, moja ikiwa picha ya bika sita zilizopangwa kwenye mstari. Picha ile niliipiga kwa ruhusa ya msimamizi wangu, na takwimu za mtambo nilimwonyesha kabla ya kuzitumia. Omba ruhusa hiyo kabla hujaondoka. Ukishaondoka, ujumbe wako unaweza kukaa wiki mbili bila kujibiwa.

Sehemu iliyonisumbua zaidi ilikuwa slaidi ya stadi. Nilijiwekea sharti: stadi isiyoweza kuandikwa pamoja na tendo na kipimo chake, inatoka. "Nilijifunza kutumia vifaa vya maabara" ikawa "Naweza kutayarisha mmumunyo wa shabu wa asilimia moja, kuendesha jaribio la bika sita peke yangu na kupendekeza kipimo kwa mwendesha mtambo, nilifanya hivyo mara 17, na mara tano za mwisho bila msimamizi kando yangu." Sentensi ni ndefu, ndiyo, lakini kila kipande chake kinaulizika. Stadi za mawasiliano niliziacha hadi nilipokumbuka kwamba kila asubuhi nilikuwa nikijaza fomu ya zamu ambayo mwendesha mtambo aliisoma na kuifuata bila kuniuliza tena. Hiyo niliiweka. Nilibaki na stadi tatu kutoka kumi na moja.

Neno "tulifanya" nalo nililisaka kila lilipojitokeza. Wahadhiri hulisikia haraka sana, nao huuliza: ninyi akina nani? Mahali nilipokuwa mtazamaji niliandika "nilitazama", na sikuona kwamba kulinipunguzia chochote.

Kwenye slaidi ya niliyojifunza nilikuwa nimeandika kwamba umakini ni muhimu. Nikaifuta, nikaweka kosa langu la wiki ya tatu.

Siku hiyo bika mbili za lita moja zilikuwa zimevunjika, nami nikatumia bika sita za mililita 500. Mmumunyo wa asilimia moja una gramu 10 za shabu katika lita, yaani miligramu 10 katika kila mililita. Kwa hiyo mililita moja ndani ya lita moja ya maji hutoa miligramu 10 kwa lita. Nilitia mililita moja, mbili, tatu hadi sita kama kawaida, nikaandika 10, 20, 30 hadi 60. Bika ya "30" ikatoka safi kuliko zote. Nilipopeleka fomu, msimamizi aliitazama kitambo, akasema, "Mtambo jana ulikuwa 55, na mto haujabadilika rangi. Leo 30 imetoka wapi?" Maji yalikuwa nusu lita, kwa hiyo kila kipimo kilikuwa mara mbili ya nilichoandika, ile "30" ilikuwa 60. Kama mtambo ungeshushwa hadi 30, tope lisingeshikana vizuri na mzigo ungehamia kwenye machujio.

Kwenye slaidi niliweka ukurasa ule wa daftari wenye namba zilizokatwa na mpya pembeni. Chini yake niliandika mambo mawili niliyoyabadilisha: tangu siku hiyo niliandika ujazo wa maji juu ya jedwali kabla ya kushika pipeti, na nililinganisha matokeo na kipimo cha jana kabla ya kusaini fomu. Nilikuwa na hofu kwamba kosa litanishushia alama. Ikawa ndipo mahali ambapo wanajopo wote watatu waliacha kutazama karatasi zao. Ila tahadhari: chagua kosa lako mwenyewe, lililokwisha kurekebishwa. Udhaifu wa taasisi si wako kuutangaza idarani.

Maswali yalikuja kutoka ndani ya kazi ileile. Mmoja aliuliza kwa nini bika ya mwisho, yenye shabu nyingi kuliko zote, ilirudi kuwa na ukungu. Hilo nililijua kwa kuwa lilinishangaza maabara hadi nikauliza: shabu ikizidi, chembe zinazobeba chaji hasi hugeuka na kubeba chaji chanya, zinaanza kusukumana upya, na pH nayo hushuka. Mwingine aliuliza tope linalobaki hupelekwa wapi. Nikamwambia sikupangiwa upande huo, nilichokiona ni mabwawa ya kukaushia tu, na sijui yanasafishwa kila baada ya muda gani. Alitikisa kichwa kukubali, akaandika kitu.

Swali la mwisho lilitoka kwa yule asiyekuwa mtu wa maji. Aliniomba nirudi kwenye slaidi ya kosa, akatazama namba zilizokatwa, kisha akauliza: "Na kama mto ungekuwa umebadilika rangi siku ile, msimamizi wako angegunduaje?" Nilinyamaza kidogo. Nikamjibu kwamba huenda asingegundua, na ndiyo maana ule ujazo wa maji nauandika wa kwanza.