Safu ya "aliyelipiwa": somo la dhamana ya kundi kwa wanaoanza kitengoni

Nilipoanza kazi hii nilikabidhiwa kundi la wakopaji watano, kila mmoja mdhamini wa wenzake, ambalo kwenye ripoti halikuwa na doa. Marejesho 100%, wiki baada ya wiki. Wiki ya saba hakuja mtu hata mmoja mkutanoni. Niliwapigia simu nikidhani wamechanganya siku. Kumbe wawili walikuwa wameshindwa tangu wiki ya tatu, wenzao wakawa wanawalipia kimyakimya, mpaka nao wakachoka. Ripoti ilikuwa imenionyesha fedha zilizoingia, haikunionyesha zimetoka mfuko wa nani.

Ninyi mnaoanza mtaambiwa kwamba mikopo ya vikundi hulipwa vizuri kwa sababu watu huogopa aibu. Aibu ipo, ila ukiishia hapo hutajua kwa nini kundi moja linasimama na jingine linaporomoka lote kwa siku moja.

Tuanze na jinsi kundi linavyoundwa. Mkopeshaji hajui nani ni mwangalifu na nani anapenda kubahatisha, lakini wakopaji wenyewe wanajuana. Waambie wachaguane na kwamba watadhaminiana, halafu uone nani anamkataa nani. Mwangalifu hukwepa mbahatishaji kuliko mtu mwingine yeyote, na hesabu yake ni rahisi: anayelipa deni la mwenzake ni yule ambaye biashara yake imefaulu. Mbahatishaji mara nyingi atakuwa ameanguka mwenyewe, kwa hiyo hata mwenzake akianguka, hana cha kumlipia. Mzigo wa mwenza mbaya unamwangukia zaidi mtu mzuri. Ndiyo maana waangalifu huishia pamoja na wabahatishaji nao hubaki wenyewe kwa wenyewe, bila wewe kuuliza swali hata moja. Ukiwapangia wewe makundi ili ujaze fomu haraka, umeitupa kazi hiyo yote.

Baada ya mkopo kutoka, kinachofanya kazi ni jicho. Jirani anaona kama mtaji umeingia dukani au umeishia kwenye sherehe, nawe afisa unayepita mara moja kwa wiki huwezi kuona. Dhamana ya pamoja inampa jirani sababu ya kusema kitu mapema. Benki ya Grameen ya Bangladesh, iliyotokana na jaribio la Muhammad Yunus la mwaka 1976, iliijenga kanuni hii ndani ya ratiba yake: kundi la watu watano wasio ndugu wa karibu, wawili walikuwa wakikopeshwa kwanza, wengine wakisubiri na kuangalia kama hao wawili wanalipa. Anayesubiri zamu yake ni msimamizi mkali kuliko mfanyakazi yeyote wa ofisi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kundi langu lilinifundisha. Dhamana ileile inayozuia deni kufa inaweza kuliua kundi zima. Tuchukue mfano. Watu watano, kila mmoja amekopa 100 na atarejesha 110 kwa awamu kumi za 11. Wako katikati, kila mtu amebakiza 55. Kinachomfanya mtu alipe si karatasi aliyoweka saini, kwa kuwa hana rehani ya kuuzwa. Ni mkopo unaofuata. Tuseme kila mmoja anaona kuwa nafasi ya kuendelea kukopa ina thamani ya 90 kwake. Maadamu anachodaiwa hakifiki 90, ni afadhali alipe abaki.

Mmoja akishindwa, 55 yake inagawanywa kwa wanne waliobaki, karibu 14 kila mtu. Ongeza 55 ya mwenyewe, inakuwa 69. Inauma, lakini bado iko chini ya 90, na wanalipa. Mkopeshaji hapotezi kitu, ilhali kama angekopesha mmoja mmoja angepoteza 55. Hapa ndipo sifa zote za mikopo ya vikundi zinapotoka.

Wawili wakishindwa, 110 inagawanywa kwa watatu. Ni karibu 37 kila mtu, na ukijumlisha deni lake mwenyewe unapata 92. Umepita 90. Watu watatu waaminifu, wenye fedha mkononi, ambao peke yao wangelipa 55 bila shida, sasa wanaona hakuna sababu ya kulipa chochote, maana wakilipa deni lao tu bila la wenzao, mkopo ujao watanyimwa vilevile. Wanaondoka pamoja. Kwa mikopo ya mtu mmoja mmoja ungepoteza 110. Kwa kundi umepoteza 275.

Kwa hiyo swali la kujiuliza unapokagua kundi ni hili: wakianguka wawili kwa mpigo, waliobaki watabebeshwa kiasi gani? Na je, kuna kitu kinachoweza kuwaangusha wawili kwa mpigo? Kama wote watano wanauza bidhaa moja sehemu moja, au wote wanategemea mvua ileile, jibu ni ndiyo, na dhamana yao ni jina tu. Wachaguane wenyewe, sawa, lakini weka sharti kwamba shughuli zisifanane zote.

Dawa ninayoipenda mimi ni kuweka kikomo kwenye mkataba. Tuseme hakuna anayelipishwa zaidi ya 20 kwa ajili ya wenzake wote, na akimaliza hapo haki yake ya kukopa tena inabaki. Katika mfano wetu, watatu wale wanafikia 75, bado chini ya 90, wanalipa deni lao na kuongeza 60 kwa ajili ya walioanguka. Hasara yako ni 50 badala ya 275. Wakubwa wengine hawapendi kikomo, wanasema kinalegeza nidhamu. Mimi naona nidhamu isiyo na kikomo ndiyo iliyonipotezea watu watatu wazuri.

Msije pia mkadhani kila marejesho mazuri yanatokana na dhamana. Huko Ufilipino, Xavier Giné na Dean Karlan walishirikiana na benki iliyoondoa dhamana ya pamoja katika baadhi ya vituo vyake lakini ikaacha mikutano iendelee kama kawaida. Deni sugu halikuongezeka. Grameen yenyewe ililegeza kamba mwanzoni mwa miaka ya 2000. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya kazi inafanywa na mkutano wenyewe, kulipa mbele ya macho ya watu, tarehe isiyobadilika, na mkopo ujao unaosubiriwa.

Kwenye daftari langu la mkutano sasa nina safu mbili badala ya moja: "aliyeleta mwenyewe" na "aliyelipiwa". Sipokei furushi moja kutoka kwa mweka hazina. Kila mtu anaweka fedha yake mezani kwa mkono wake, hata kama inachukua muda. Ukiona noti zimefungwa pamoja kabla hujafika, uliza. Jina moja likionekana kwenye safu ya pili mara moja, naliacha. Likionekana mara mbili mfululizo, namtembelea mhusika kwenye biashara yake kabla ya mkutano wa tatu, na ikibidi napanga upya ratiba ya deni lake. Yakionekana majina mawili katika wiki moja, sisubiri ripoti ya mwezi. Siku hiyohiyo nakaa na wale watatu waliobaki, nawauliza wamekwisha kubeba kiasi gani mpaka sasa.