EFT na RTGS: pesa hupita wapi?

"Nimetuma milioni 5 kwa EFT kwenda benki nyingine hapa Kampala. Nimekatwa, mpokeaji hajaona kitu. Pesa iko wapi?"

Bado haijahama, ndugu. EFT ni njia ya kutuma pesa benki hadi benki kwa mafungu: agizo lako limo kwenye fungu pamoja na ya wateja wengine. Tuseme fungu lina milioni 50 za kwenda benki ile na 47 za kuja kwenu: zinakatana, na kwenye akaunti za benki hizo mbili katika Benki Kuu ya Uganda zinahama milioni 3 tu.

RTGS, njia nyingine ya kutuma pesa benki hadi benki, haingoji fungu. Kila malipo huhama peke yake, yote, hapohapo. Kwa hiyo benki yako lazima iwe na hizo 5 kamili Benki Kuu. Zikipungua, agizo linapanga foleni. Ada yake nayo inauma!

Kesho ikipita kimya, hakikisha namba ya akaunti uliyoandika. Ikikosewa na akaunti hiyo haipo, malipo hurudishwa.