Ukipewa tablo ya namba tu, anza na kutoa

Hawa banafunzi nafundishaga mahesabu huku Bukavu, ukiwapa tablo ya n na f(n) na kuwaomba fomula ya polinomi, wengi wanakimbilia kuandika an³ + bn² + cn + d na kuingia mu ekwasyo ine. Jibu linaweza kutoka, lakini nani aliwaambia ni degre ya tatu? Hilo ndilo la kutafuta kwanza, na tablo yenyewe inalisema.

Tuchukue machungwa ya soko ya Kadutu. Yapange kwa mraba: juu kabisa 1, chini yake 4, kisha 9, kisha 16, hivyo hivyo. Lundo la tabaka n liko na machungwa mangapi?

```
n:    1  2  3   4   5   6    7    8
f(n): 1  5  14  30  55  91  140  204
```

Chukua kila namba, uitoe kwenye ile inayoifuata. Unapata 4, 9, 16, 25, 36, 49, 64. Rudia kwa safu hiyo mpya: 5, 7, 9, 11, 13, 15. Rudia tena: 2, 2, 2, 2, 2. Sasa zimelingana, simama hapo. Tumetoa mara tatu, basi ni degre 3.

Sababu yake iko wazi ukifungua mabano: (n+1)³ − n³ ni 3n² + 3n + 1, n³ imekufa. Kila ukitoa, degre inashuka moja na namba ya mbele inazidishwa na kile kipeo kilichokuwa juu, kwa hiyo an³ ikitolewa mara tatu inabakisha a×3×2×1, ni kusema 6a. Kwetu 6a = 2, basi a = 1/3.

Kwa kupata zingine, mimi sitafutagi ekwasyo, naondoa kile nimeshajua. Toa n³/3 kwa kila namba ya tablo: inabaki 2/3, 7/3, 5, 26/3... Tofauti zake ni 5/3, 8/3, 11/3, na tofauti za tofauti ni 1 kila mara. Sasa ni degre 2, na bn² inabakisha 2b, basi b = 1/2. Ondoa na n²/2, inabaki 1/6, 2/6, 3/6, hiyo ni n/6 tu na hakuna kitu kingine nyuma. Fomula: n³/3 + n²/2 + n/6. Jaribu n = 8 na utaona 204.

Sasa kile napenda sana mu njia hii: inashika namba iliyoandikwa vibaya. Weka 56 pahali pa 55 kisha utoe tena. Safu ya tatu itakuwa 2, 3, −1, 5, 1. Mwanafunzi anaona fujo na anasema si polinomi, lakini angalia kila moja iko mbali na 2 kiasi gani: 0, +1, −3, +3, −1. Hizo 1, 3, 3, 1 zenye alama za kupishana ni alama ya namba moja iliyokosewa, na ile +1 ya kwanza inakwambia imezidi 1. Iko wapi? Hiyo +1 iko nafasi ya pili mu safu ya tatu, ongeza tatu, unafika namba ya tano ya tablo. Polinomi ya degre 2 ingekuonyesha 1, 2, 1 mu safu yake ya pili.

Lakini usiamini safu fupi. Ukiwa na namba ine tu, safu ya tatu iko na namba moja, na namba moja haiwezi kukosa kulingana na yenyewe, kwa hiyo haithibitishi chochote. Sisi tulikuwa na tano zinazolingana, na juu ya hiyo tunajua kila tabaka ni mraba, ndiyo maana fomula inashika hata nje ya tablo. Na 1, 2, 4, 8, 16, 32 toa mpaka uchoke, inarudi ile ile, 1, 2, 4, 8, kwa sababu 2ⁿ si polinomi.

Kitu cha mwisho ni hatua ya n. Lazima iwe sawa kila pahali, na kama si 1 usisahau kuihesabu. Chukua n = 2, 4, 6, 8 tu: 5, 30, 91, 204. Tofauti ni 25, 61, 113, kisha 36, 52, kisha 16. Ukisema 6a = 16 umepotea, maana hatua ni 2 na degre ni 3, basi ni 6a × 2³ = 16, na a inarudi 1/3.